Bei Mikononi mwa Wengi, mwa Mmoja na mwa Wachache

Mkulima afikapo soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, na magunia yake ya mahindi yakiwa juu ya lori, jambo la kwanza alifanyalo si kutangaza bei bali ni kuiuliza. Humwuliza aliyetangulia kufika, humwuliza dalali, pengine humpigia simu jamaa yake aliyeko Dar es Salaam apate habari za Tandale, na akisha kusikia kwamba kilo inakwenda kwa kiasi fulani, basi kiasi hicho ndicho kiwacho bei yake, apende asipende. Akitaka shilingi ishirini zaidi ya jirani yake hapana atakayemgombeza. Mnunuzi atapita tu aliendee lori la pili, maana mahindi makavu ya huyu na mahindi makavu ya yule hayana tofauti kinuni wala sufuriani. Akitaka shilingi ishirini pungufu atamaliza mzigo wake upesi, lakini mzigo huo ungaliisha vilevile kwa bei ya sokoni, kwa hiyo atakuwa amejidhulumu bila ya sababu. Mtu huyu ana mali, ana akili na ana hiari, ila bei si yake.

Hali hiyo wataalamu wa uchumi huiita ushindani kamili, na masharti yake ni mazito kuliko yanavyodhaniwa na wale walitajao neno ushindani kila siku. Wauzaji sharti wawe wengi hata asiwepo ambaye kuja kwake au kutokuja kwake kutatikisa soko. Bidhaa sharti iwe moja. Habari za bei ziwafikie wote. Na anayetaka kuingia katika kazi hiyo, au kuitoka, asizuiwe na mtu. Soko lililotimiza masharti hayo yote bila ya upungufu sijapata kuliona, na Kibaigwa yenyewe haikuyatimiza yote. Ushahidi ni lumbesa, lile gunia linalojazwa likapita mdomo wake, likaongezwa kilemba na kushonwa kwa kamba, ambalo kwa jina ni gunia moja na kwa uzito ni gunia na zaidi. Bei ya gunia ikisha kuwa moja kwa watu wote, mwenye nguvu katika mapatano hahangaiki tena na bei, bali huhamia kwenye kipimo. Na ndiyo maana mizani, ambayo wengi huidhani chombo cha karani tu, ni sharti la ushindani sawa na wingi wa wauzaji.

Basi mwuzaji asiyeimiliki bei amebakiwa na uamuzi gani? Amebakiwa na kiasi. Huamua alime ekari ngapi, avune ngapi, auze leo au aweke ghalani hata miezi ya njaa, na katika kuamua hayo hupima gharama ya gunia la mwisho, si ya magunia yote kwa wastani. Ikiwa gunia moja zaidi litamgharimu chini ya bei iliyopo, atalitoa. Ikiwa litamgharimu zaidi, ataliacha shambani au hatalilima. Kila mmoja akifanya hivyo, bei na gharama ya gunia la mwisho hukutana; na faida ikinona mwaka mmoja wengine huingia wakalima, mahindi yakawa mengi, faida ikayeyuka. Hapana aliyekusudia jambo hilo, wala hapana awezaye kulizuia peke yake.

Tuondoke sasa katika mahindi tuende pwani, kwenye mfano ambao nimeubuni ili hesabu yake iwe nyepesi. Tuseme iko bandari ndogo ya wavuvi yenye kiwanda kimoja tu cha barafu, na kila bonge la barafu humgharimu mwenye kiwanda shilingi 400, kwa umeme, maji na ujira. Wavuvi hawalingani. Mwenye jahazi la jodari na nguru, ambaye samaki wake watapelekwa mjini kwa hoteli, yu tayari kulipa hata shilingi 1,000 kwa bonge; mwenye ngalawa hulipa kidogo kuliko huyo; na mvuvi wa dagaa, awezaye kuwakausha juani, au yule awezaye kumtia samaki wake chumvi akawa ng'onda, hataki kusikia bei inayopita shilingi 500. Kwa bei ya shilingi 1,000 huuzwa mabonge 20 kwa siku, na kila bei ishukapo kwa shilingi 100 wanunuzi huongezeka kwa mabonge 10, hata ikifika 400 yakauzwa mabonge 80.

Watu husema kwamba mhodhi, yaani mwenye ukiritimba wa bidhaa, hutoza apendavyo. Usemi huo si kweli, na kosa lake si dogo. Mwenye kiwanda chetu anaweza kuandika shilingi 1,000 mlangoni, naam, lakini atauza mabonge 20 na faida yake itakuwa shilingi 12,000. Akishusha hadi 900 atauza 30 apate faida ya 15,000. Akishusha tena hadi 800 atauza 40 apate 16,000. Akifika 700 atauza 50, na faida itarudi 15,000. Na kwa 600, japokuwa kiwanda kitavuma mchana kutwa na mabonge 60 yatatoka, faida itakuwa 12,000 ileile aliyoipata kwa mabonge 20. Bei yake basi ni 800, wala si ile ya juu kabisa. Mhodhi hana mshindani wa kumwogopa, lakini anamwogopa mnunuzi atakayeondoka, na elimu yake yote ni kujua ni wanunuzi wangapi watakaoondoka kwa kila shilingi aiongezayo.

Lakini kwa nini asishuke kutoka 800 hadi 700, ikiwa bonge linalouzwa 700 limemgharimu 400 tu, na yako mabonge 10 zaidi yanayongoja kununuliwa? Hapa ndipo mkulima wa Kibaigwa na mhodhi wanapoachana njia. Mkulima akiongeza gunia moja hupata bei kamili ya gunia hilo, kwa kuwa magunia yake mengine hayaguswi. Mhodhi akitaka kuuza mabonge 10 zaidi sharti aishushe bei kwa wote, na wale waliokuwa wakilipa 800 bila ya kunung'unika watalipa 700 nao. Pato lake lilikuwa 32,000. Sasa ni 35,000. Mabonge 10 yamemletea nyongeza ya 3,000, yaani 300 kwa kila moja, ilhali kila moja limemgharimu 400. Mbele ya macho ya mpita njia anauza kwa 700 kitu cha 400. Katika daftari lake anapata hasara ya mia moja kwa kila bonge aliloliongeza. Kwa hiyo atasimama kwenye 40, na mtambo wake utapumzika nusu ya siku.

Aghalabu watu hulaumu ukiritimba kwa ajili ya faida ile ya 16,000, wakasema kwamba fedha imetoka mfukoni mwa mvuvi ikaingia mfukoni mwa tajiri. Lawama hiyo ina haki yake, lakini fedha iliyohama mfuko haikupotea. Kilichopotea ni yale mabonge 40 ambayo hayakugandishwa. Yuko mvuvi ambaye angalilipa 600 kwa furaha kwa kitu cha gharama ya 400. Yeye angalifaidika, na mwenye kiwanda angalifaidika, lakini biashara hiyo haikufanyika, na samaki wake ameoza ufukoni. Lau mwenye kiwanda angaliweza kumtoza kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, mwenye jahazi 1,000 na mwenye dagaa 500, angaliyauza mengi zaidi ya hayo. Lakini mwenye dagaa angeshika biashara nyingine, ya kununua barafu kwa 500 na kumwuzia mwenye jahazi kwa 700. Makampuni yawezayo kuzuia uchuuzi wa namna hiyo, kama ya ndege na ya treni ambayo tikiti zake zina jina la msafiri, hutoza bei nyingi kwa kiti cha namna moja.

Katika visiwa vyetu ukiritimba una historia ndefu, na karafuu imeupitia kwa sura zaidi ya moja. Mwaka 1937 serikali ya himaya ya Zanzibar ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu haki ya pekee ya kununua karafuu za kupelekwa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na Bara Hindi, lililokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, likazisusia karafuu za Zanzibar, hata mwaka 1938 pakafanywa mapatano. Chama kilikuwa na haki ya peke yake kwa sheria, lakini sheria ya Unguja haikuweza kumlazimisha mtu wa Bombay anunue. Baadaye, chini ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, mkulima wa Pemba alikuwa na mnunuzi mmoja tu wa halali, nao ni ukiritimba uleule uliogeuzwa uso: badala ya mwuzaji mmoja kupandisha bei, mnunuzi mmoja huishusha. Mpaka wa kuishusha haukuandikwa katika sheria yoyote. Uliwekwa na bei ya Mombasa ukiondoa gharama na hatari ya kuvuka bahari usiku, na kila shirika lilipolipa chini ya hapo, magendo yalizidi.

Sasa turudi bandarini, na tuseme kwamba kimejengwa kiwanda cha pili cha barafu, chenye gharama ileile ya shilingi 400. Mtu asiye na subira atajibu kwamba sasa upo ushindani na bei itashuka. Huenda, na huenda isishuke hata senti. Soko la wachache ndilo gumu kuliko yote kulitabiri, kwa kuwa mkulima huitazama bei ya soko, mhodhi huwatazama wanunuzi wake, lakini mmoja kati ya wachache sharti amtazame mwenzake na akadirie mwenzake naye anafikiri nini.

Wakipatana hawa wawili wabaki kwenye 800 na kugawana wateja sawasawa, kila mmoja atauza mabonge 20 na kupata faida ya 8,000 kwa siku. Hayo ni mapatano mazuri kwao, nayo yana ufa. Mmoja akiamka alfajiri akaandika 750, wavuvi wote watamjia, atauza mabonge 45, ikiwa mtambo wake unayaweza, na faida ya siku hiyo itakuwa 15,750, ilhali jirani ameambulia barafu inayoyeyuka. Kesho yake jirani ataandika 700, huyu 650, na hivyo hivyo hata wafike 400, ambako kila mmoja huuza na hakuna apataye faida. Mfaransa Joseph Bertrand alionyesha jambo hilo mwaka 1883, akimpinga mwenzake Antoine Augustin Cournot, ambaye mwaka 1838 alikuwa ameandika juu ya watu wawili wenye chemchemi mbili za maji ya madini. Cournot aliwaza kwamba wauzaji huamua kwanza kiasi watakachotoa, kisha soko ndilo liamualo bei. Kwa hesabu yake barafu yetu ingaliuzwa kwa takriban shilingi 667, katikati ya mhodhi na ushindani kamili. Wawili haohao, barafu ileile, na majibu matatu, 800, 667 na 400, yote yakiwa sahihi kwa masharti yake. Kwa rai yangu Cournot husema kweli zaidi pale ambapo mitambo ni ghali na haiongezeki kwa usiku mmoja, na Bertrand pale ambapo kila mmoja aweza kuwahudumia wateja wote.

Mfano wa kweli tuliupata Kenya mwaka 2010. Makampuni ya simu za mkononi yalikuwa manne: Safaricom, iliyokuwa kubwa kupita mengine yote, kisha Zain, Orange na Yu. Mteja wa Zain alipompigia mteja wa Safaricom, Zain ilipaswa kuilipa Safaricom ada ya kuipokea simu hiyo, na ada hiyo ilikuwa shilingi 4.42 za Kenya kwa dakika. Maana yake ni kwamba Zain, hata ingalikuwa na ukarimu wa namna gani, isingaliweza kuuza dakika hiyo kwa shilingi 3 ila kwa hasara. Na kwa kuwa Wakenya wengi walikuwa Safaricom, simu nyingi za wateja wa kampuni ndogo zilikwenda huko, ilhali wateja wa kampuni kubwa walipigiana wenyewe kwa wenyewe pasipo ada kutoka nje ya nyumba. Ada ikawa ukuta, bila ya mtu kuuita ukuta.

Mwaka huo tume ya mawasiliano ikaipunguza ada hiyo kwa nusu, ikawa shilingi 2.21. Mnamo Agosti, Zain, ambayo ilikuwa imekwisha kununuliwa na Bharti Airtel ya India, ikatangaza shilingi 3 kwa dakika kwa kumpigia mtu wa mtandao wowote. Msomaji na apige hesabu: ukitoa 2.21 katika 3, husalia senti 79. Si nyingi, lakini si hasara ya wazi kama ilivyokuwa. Safaricom haikungoja iwapoteze watu wake. Ilishusha bei zake ndani ya muda mfupi, na mengine yakafuata. Kwa mwananchi ilikuwa neema. Kwa Airtel, nia yake ya kuwavuta wateja wa jirani haikutimia kwa kadiri iliyotumainiwa, kwa sababu bei ikisha kulingana, mteja huuliza mengine, na mengine hayo yalikuwa upande wa Safaricom: namba ambayo jamaa wote wanaijua, na M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambamo watu walituma na kupokea fedha zao. Mwezi wa Oktoba mwaka 2011 Safaricom ilipandisha bei, na mwaka 2014 Yu ilitoka sokoni, wateja wake wakienda Airtel na mitambo yake Safaricom.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa kuwa linaonyesha jambo ambalo hesabu ya barafu haikulionyesha, nalo ni kwamba idadi ya wauzaji haitoshi kutuambia bei itakuwaje. Makampuni yalikuwa manne kabla ya Agosti 2010, na yalikuwa manne baada yake. Kilichobadilika ni ada ya kupokea simu, na kwayo kikabadilika kile ambacho kila mmoja angalikipata kwa kumshambulia mwenzake.

Nusu ya pili ya fumbo la wachache, tukirudi kwenye barafu, ni hii: ikiwa ufa wa mapatano ni mkubwa hivyo, mbona viko viwanda viwili visivyopigana kabisa? Jibu limo katika siku ya kesho. Mwenye kiwanda aliyeshuka hadi 750 alipata 15,750 badala ya 8,000, yaani ziada ya 7,750 kwa siku moja. Lakini tangu kesho yake, vita vikisha kuanza, hupoteza 8,000 kila siku. Siku moja ya vita yamtosha kujuta. Kwa hiyo huvutwa kuvunja mapatano pale tu anapodhani kwamba jirani atachelewa kujua. George Stigler, mtaalamu wa Chicago, aliandika mwaka 1964 kwamba mapatano ya wachache husimama au huanguka kwa kadiri ya wepesi wa kumgundua anayepunguza bei kwa siri; na hapo tunafikia tokeo geni, kwamba bei iliyo wazi kwa watu wote, ambayo katika soko la mahindi ni rafiki wa mnunuzi, katika soko la wachache huweza kuwa rafiki wa wauzaji. Bei ikiandikwa ubaoni kwa herufi kubwa, jirani huisoma kabla ya mteja.

Hili ndilo linalowatatiza wakaguzi wa ushindani. Vituo vya mafuta katika barabara moja vikipandisha bei siku moja kwa kiasi kimoja, si ushahidi wa njama, kwa sababu mafuta yakipanda kwenye meli hupanda kwa wote. Mkaguzi mzoefu hutazama kushuka zaidi ya kupanda: gharama zikipungua, je, bei hupungua kwa haraka ileile, au hubaki juu kana kwamba kila mmoja anangoja mwenzake atangulie? Hutazama pia kama yuko mwenye gharama ndogo kuliko wenziwe ambaye hata hivyo haitumii nafasi hiyo. Tanzania, EWURA hutangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa nia njema ya kumkinga mnunuzi. Lakini kikomo hicho, kwa kuwa kila mwenye kituo anakijua na anajua kwamba wenzake wanakijua, huweza kuwa mahali pa kukutania pasipo mkutano. Ukitaka kujua kama katika mji wako kimekuwa dari au kimekuwa bei, zunguka vituo vyake siku ya Alhamisi uhesabu ni vingapi vilivyoandika chini yake.